Insha ya udaktari: siku za kumfuata daktari kliniki

"Naomba chuo cha udaktari Marekani. Nimeandika jinsi daktari alivyomshika mgonjwa mkono nikaijua huruma. Kaka anasema kila mtu huandika hivyo. Nifanyeje?"

Kaka yako kasema kweli, ndugu. Mkono ule ni wa daktari. Wewe ulisimama pembeni. Insha ya AMCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya udaktari Marekani, ina herufi 5,300 tu, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, basi chagua dakika moja iliyokubadilisha mawazo. Mimi niliandika juu ya bibi aliyeitikia "ndiyo" kila alipoulizwa kuhusu dawa. Daktari akavuta kiti, akamwomba aeleze mwenyewe anavyozimeza nyumbani. Kumbe ya presha alimeza siku kichwa kinapouma tu. Nami nilishaamini ameelewa! Kosa langu hilo ndilo lililobeba insha. Jina, umri na mtaa wake niliviacha.