Kabla ya kuilaumu aiskrimu, zitenganishe siku za joto

Mpwa wangu alipoanza kusoma takwimu, alinionyesha mfano unaotolewa sana kwa wanaoanza: miezi ambayo aiskrimu inauzwa kwa wingi ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wengi wanakufa maji. Akaniuliza, "Mjomba, au wakishashiba aiskrimu misuli inawakaza wakiwa majini?"

Swali lake lilinigusa, maana na mimi nilianzia hapo hapo. Ukiona vitu viwili vinapanda pamoja, akili inakimbilia kutunga maelezo, na maelezo yakishaonekana ya maana, unasahau kuhakiki.

Tulichukua karatasi, tukabuni hesabu ya siku 200. Siku 100 mauzo yalikuwa makubwa, na waliokufa maji ni 17. Siku 100 nyingine mauzo yalikuwa madogo, wakafa 8. Ukiishia hapo, aiskrimu ina kesi ya kujibu.

Nikamwambia azigawe upya, safari hii kwa joto. Kati ya siku 100 za joto kali, 80 zilikuwa za mauzo makubwa na vifo vyake 16. Zile 20 za mauzo madogo zilikuwa na vifo 4. Akapiga hesabu mwenyewe: pande zote mbili ni kifo kimoja kwa kila siku 5. Kwenye siku 100 za baridi, 20 za mauzo makubwa zilikuwa na kifo 1, na 80 za mauzo madogo zilikuwa na vifo 4. Hapo tena ni kimoja kwa kila siku 20, aiskrimu iuzwe isiuzwe. Alikaa kimya akiitazama ile karatasi.

Tofauti yote ilitoka kwenye joto. Jua likiwaka, watu wananunua aiskrimu, na watu wanaingia majini kuogelea. Huo ni uwiano bila usababishi: joto ndilo linalovuta kamba zote mbili.

Ushauri wangu ni huu: ukishuku kuna kitu cha tatu, linganisha siku zinazofanana kwa kitu hicho. Uhusiano ukitoweka, umempata mhusika. Ukipungua tu, endelea kutafuta. Dar es Salaam, kwa mfano, joto la Desemba linakuja pamoja na likizo za shule na sikukuu, na watoto wanajaa ufukweni hata siku yenye mawingu. Ukitenganisha joto peke yake, likizo inabaki imejificha ndani ya namba zako. Nayo itenganishe.

Uwiano wenyewe usiutupe, lakini. Muuza aiskrimu akikwambia leo biashara imechangamka, hiyo ni dalili nzuri kwamba ufukweni kuna watu wengi na waokoaji waongezwe. Ila ukimfungia biashara yake, watu wataendelea kuogelea vile vile.