Tangazo la mtihani uliosogezwa

"Nawaandikia wazazi 300 kwamba mtihani umesogezwa. Mara ya mwisho wengi walileta watoto siku ya zamani. Niandikeje?"

Mwalimu, anza na badiliko lenyewe, sababu ifuate:

"Gredi ya 6: Hisabati SI Jumatano 15 Julai tena. Ni Ijumaa 17 Julai, saa mbili asubuhi. Masomo mengine hayajabadilika."

Saa iandike kwa maneno. Mimi niliwahi kuandika "8.00" tu, wengine wakasoma saa mbili asubuhi, wengine saa nane mchana, na watoto wanne wakafika mtihani umekwisha. Bado inaniuma.

Kabla ya kutuma, mpe bawabu asome, kisha akuambie mtoto aje lini. Ikiwa ni mtihani wa kitaifa, ratiba ni ya KNEC. Thibitisha kwanza na mwalimu mkuu.