Maziwa baada ya mtoto kufariki: la kumweleza mama kabla hajaruhusiwa

Ninyi mnaoanza kazi katika wodi za wazazi huku Nyanda za Juu Kusini mtakuwa mmefundishwa namna ya kumpa mama habari ya kifo cha mtoto: kuketi naye, kutamka wazi kwamba mtoto amefariki, kunyamaza, kisha kumuuliza kama angependa kumwona na kumshika. Jambo linalosahaulika ni maziwa. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia hushuka, na maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, hata kwa mimba iliyoharibika ikiwa na miezi mitano. Wakati huo mama yuko nyumbani, katikati ya watu wa msiba.

Mama mmoja wa Rungwe, aliyejifungua mtoto mfu wa wiki 36 baada ya shinikizo la damu kupanda, alirudi siku ya nne akiwa amefungwa khanga kifuani kwa nguvu. Mama mkwe wake ndiye aliyemfunga, kwa nia njema kabisa. Matiti yalikuwa magumu na joto la mwili lilikuwa nyuzi 37.8. Akauliza, "Nesi, maziwa haya ni ya nani sasa?" Nilimjibu kwamba ni ya mtoto wake, nikamuuliza kama walimpa jina. Walikuwa wamempa, na hakuna aliyekuwa amelitaja tangu mazishi.

Tulifungua khanga, kwa sababu kubana huziba mirija ya maziwa, tukamwelekeza akamue kidogo tu mpaka maumivu yapungue, maana titi linalomalizwa hutengeneza maziwa zaidi. Alipewa parasetamoli gramu 1, akashauriwa kuweka kitambaa cha maji baridi na kuvaa sidiria inayoshika bila kubana. Kabergolini, ambayo hukausha maziwa, haikumfaa kwa sababu ya shinikizo lake la damu.

Mambo hayo yaandikeni kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila picha ya mama anayenyonyesha (nimeziona nyingi mno). Isomeni pamoja naye kabla hajaondoka, akiwepo ndugu atakayemchagua, kwani mara nyingi huyo ndiye atakayemhudumia. Onyo la kurudi haraka lisiishie kwenye wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Andikeni sehemu ya titi iliyo ngumu, ya moto na yenye maumivu, pamoja na homa au kutetemeka. Ongezeni kwamba kulia maziwa yanapotoka ni huzuni ya kawaida, ila akianza kusema hataki kuishi aletwe siku hiyohiyo, usiku au mchana. Kauli ya "utapata mwingine" isiwepo kwenye karatasi wala midomoni mwenu. Chini kabisa wekeni namba ya simu ya wodi, na hakikisheni kuna mtu wa kuipokea.