Kadi ngapi zitoshe? Hesabu ya kanbani kwa karakana ndogo

Wewe uliyepewa kwa mara ya kwanza kazi ya kupanga kadi za kanbani, zile zinazoiruhusu kona kutengeneza mali, pengine umeshaiona fomula na ukadhani kazi ni kujaza namba tu. Nami nilianza hivyo, na karakana ikasimama kabla ya saa sita mchana. Nieleze kilichotokea, maana kosa lenyewe liko mahali pamoja tu, na karibu kila mgeni hulifanya.

Tulikuwa watu 9, tunaunda matoroli ya ujenzi. Kona moja ilivisha magurudumu: rimu, tyubu, tairi, beringi mbili. Meza kuu ilifunga gurudumu, fremu na beseni pamoja. Kabla ya hapo kila kona ilifanya kazi kwa kasi yake na kusukuma mali mbele. Siku tuliyohesabu, magurudumu tayari yalikuwa 190 ukutani, na huku mchomeleaji amekaa kwa kuwa fedha ya kununua mabomba ya fremu ilikuwa imeshakwenda kwenye matairi.

Kuvuta ni kinyume cha hapo. Taiichi Ohno wa Toyota alilichukua wazo hilo kutoka kwa maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kile tu mteja alichoondoa. Kadi ndiyo ruhusa ya kujaza. Pasipo kadi, kona haitengenezi, hata kama fundi hana la kufanya. Kwa hiyo idadi ya kadi ndiyo inayoamua mali iliyopo isizidi kiasi gani, na fomula yake ni hii:

```
N = D × L × (1 + S) / C
```

N ni idadi ya kadi, D ni matumizi ya siku, L ni muda wa mzunguko wa kadi, S ni akiba ya tahadhari, na C ni idadi ya vitu katika chombo kimoja. Chombo chetu kilikuwa stendi ya bomba iliyobeba magurudumu 3, na kila stendi ilitundikwa kadi moja. Matumizi yalikuwa matoroli 24 kwa siku ya saa 8. Namba hiyo ni wastani wa miezi mitatu. Usichukue siku moja ambayo mteja mkubwa alikuja.

Sasa L. Nilikwenda kwenye kona ya magurudumu na saa mkononi, nikaona fundi anamaliza stendi moja kwa dakika 45. Nikagawanya kwa dakika 480 za siku, nikapata siku 0.094. Kwa akiba ya asilimia 15, jibu likawa 0.86, yaani kadi moja. Nikatoa mbili nikijiona mwangalifu. Asubuhi ya kwanza mezani walimaliza stendi zote mbili, wakakaa kusubiri, maana yale ya ukutani tulikuwa tumeyatenga.

Dakika 45 zilikuwa muda wa kazi. L ni safari nzima ya kadi: tangu inapoondolewa kwenye stendi hadi inaporudi mezani juu ya stendi iliyojaa. Nikaanza upya, safari hii nikiandika saa nyuma ya kila kadi katika kila kituo, kwa siku nne. Wastani ulitoka hivi: kadi ilikaa kwenye kisanduku cha mezani dakika 90 ikisubiri kuchukuliwa, ikakaa foleni kwenye kona dakika 110, kazi yenyewe 45, stendi iliyojaa ikasubiri mbebaji dakika 40, na kubeba na kuweka mahali pake 15. Jumla dakika 300, yaani siku 0.625. Katika saa tano hizo, kazi haikufika hata saa moja.

```
N = 24 × 0.625 × (1 + 0.15) / 3 = 5.75
```

Unapandisha hadi 6, hushushi hadi 5. Angalia pia vipimo: D ikiwa ya siku, L nayo iwe ya siku. Ukiweka saa 5 badala ya 0.625 utapata kadi 46, na utakuwa umerudi kwenye mrundikano uleule.

Kuna njia ya kulikagua jibu bila fomula. Meza ilitumia magurudumu 3 kwa saa, kwa hiyo kila stendi ni saa moja ya kazi. Mzunguko ni saa tano, basi kadi tano zinakuwa safarini na ya sita ni tahadhari. Mweleze fundi namna hii, atakuelewa mara moja. Tahadhari hiyo ni kwa ajili ya tyubu iliyotoboka au beringi iliyokwaruza. Kama badala ya wastani umetumia muda mrefu kuliko wote uliopima, usiongeze S tena juu yake, maana utakuwa umeweka tahadhari mara mbili.

Hesabu hii inasimama juu ya sharti moja dogo: kadi itolewe pale gurudumu la kwanza linapochukuliwa kwenye stendi, si la mwisho. Ukisubiri la mwisho, umeongeza dakika 40 kwenye mzunguko na utahitaji kadi nyingine. Kwetu kijana mmoja alikuwa akiziweka mfukoni mwa aproni ili azipeleke zote pamoja jioni. Hakuwa mvivu, alitaka kupunguza safari. Tulipofunga kisanduku mkono wa kulia wa meza, tatizo likaisha.

Yale magurudumu 190 ya ukutani je? Usiyatundikie kadi yote. Kadi 6 zinaruhusu magurudumu 18 tu. Tulitundika kadi kwenye stendi 6, na 172 yaliyobaki tukayafunga utepe mwekundu, yakatumika kwanza. Kwa matumizi ya 24 kwa siku, yalituchukua siku 7 na kidogo, na muda wote huo kona ya magurudumu haikuvisha hata moja. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mwenye karakana anaona fundi hana kazi, anamwambia avishe machache tu. Mwombe mapema akupe fundi huyo asaidie mezani.

Baada ya hapo, kila stendi mpya inapofunguliwa hesabu stendi zilizojaa zilizobaki, uandike. Zikifika sifuri mara kwa mara, mzunguko ni mrefu kuliko ulivyopima. Kama kwa wiki mbili hazikushuka chini ya 2, ondoa kadi moja. Sisi tulianza kuchukua kadi kisandukuni kila saa, kusubiri kukashuka kutoka dakika 90 hadi 30, L ikawa siku 0.5, na hesabu ikatoa 4.6. Tukabaki na kadi 5. Punguza mzunguko kwanza ndipo uondoe kadi.

Jambo moja fomula hailijui: uwezo wa kona. Stendi 8 kwa siku, mara dakika 45, ni dakika 360 kati ya 480, kwa hiyo fundi mmoja alitosha. Matumizi yakipanda hadi matoroli 30, fomula itakupa 7.2, yaani kadi 8, lakini sasa stendi ni 10 kwa siku, dakika 450. Fundi hana nafasi ya kupumua na foleni ya kadi itarefuka, kwa hiyo ile L ya 0.625 uliyoiweka si ya kweli tena. Pima upya nyuma ya kadi kabla hujachapisha kadi mpya. Na ikipita dakika 480, hakuna idadi ya kadi itakayokuokoa, unahitaji mtu wa pili kwenye kona.