Ukikabidhiwa uenyekiti wa jopo la usaili

Usaili wa kwanza niliouongoza ulikuwa wa kumpata mtunza stoo wa ghala la kahawa hapa Mbeya, na ulianza kuharibika kabla msailiwa wa kwanza hajakaa. Tulikuwa watatu na hatukuwa tumepangana. Swali moja liliulizwa mara mbili, mhasibu akamkatiza mzee wa stoo, na hakuna aliyeandika kitu, maana kila mmoja alidhani mwenzake anaandika.

Siku hizi naliita jopo nusu saa mapema. Maswali ni matano na kila swali lina mwenyewe: mzee wa stoo anauliza ya mizani na leja, mhasibu ya hati za kupokelea mzigo, mimi nafungua, naangalia saa na kufunga. Anayeuliza anamtazama mtu, wawili waliobaki wanaandika. Kila msailiwa nampangia dakika 45, yaani 35 za mazungumzo na 10 za kujaza alama kimya kimya, mlango ukiwa umefungwa. Hizo 10 ndizo watu hupenda kuzila, hasa chai ikishafika. Wewe kataa. Na asitaje mtu alama kabla wote hawajasaini fomu, kwa sababu bosi akishasema tu "huyu safi", kalamu za wengine zinamfuata.

Ugomvi wenyewe utakuja. Tuliwahi kuuliza: kahawa ya maganda iliingia kilo 3,000, baada ya miezi 2 mizani inasoma 2,960, utafanya nini? Dada mmoja, mpole, alijibu polepole. Mzee wa stoo akampa 4 kati ya 5, mhasibu akampa 1.

Kwangu, tofauti ya alama 2 au zaidi haigawanywi katikati. Kila mtu anasoma alichoandika. Mhasibu alikuwa ameandika neno moja: "hajiamini". Mzee alikuwa na mistari mitatu: angehakiki mizani kwanza, angelinganisha leja na kadi ya stoo, kisha aliuliza kahawa iliingia na unyevu gani.

"Mwenyekiti, lakini alikuwa anababaika," mhasibu akasema.

"Mama, alisema nini kuhusu unyevu?"

Akanyamaza, akapandisha hadi 3. Hakufika 4, na alikuwa na hoja: dada hakutaja kumwandikia msimamizi taarifa ya upungufu. Nikaziacha 4 na 3 zilivyo, sababu zikaandikwa pembeni.

Halafu akaongeza kwamba dada ana mtoto mchanga. Hilo nililizima palepale. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya familia, na kinamhesabu hata anayeomba kazi. Halikuingia kwenye fomu ya mtu yeyote.

Wakibishana bado hata baada ya kusoma, usipige kura haraka. Muite msailiwa arudi kwa dakika 5, umuulize swali lile lile mnalolibishania, kwa maneno yale yale.