Uvumi wa kupunguzwa kazi: tangazo la kwanza liliharibu, la pili ndo likatuliza

"Wakuu, niko kitengo cha utumishi. Kuna uvumi kwamba watu watapunguzwa, bosi kaniambia niandike tangazo la kuwatuliza wafanyakazi. Ukweli ni kwamba bado wanajadili, hakuna kilichoamuliwa. Niandikeje bila kudanganya na bila kuleta taharuki?"

Mkuu, kabla hujaandika hata neno moja rudi kwa bosi umuulize mambo matatu: nini hasa kinajadiliwa, uamuzi unategemewa lini, na lipi umeruhusiwa kulisema. Bila hayo utaandika maneno matupu, na mimi nilishawahi kuyaandika, nikaona yalichofanya.

Tulikuwa watu kama 140, maghala mawili na ofisi. Menejimenti ikawa inafikiria kuunganisha maghala yawe moja. Mtu akasahau karatasi kwenye printa, imeorodhesha vitengo vya ghala la pili na idadi ya watu kila kitengo, jumla 38. Mchana picha iko kwenye magrupu yote, jioni ile 38 imeshakuwa 60 na wanaondoka mwisho wa mwezi. Bosi akataka tangazo chapchap, nikaandika hivi: "Menejimenti inakanusha uzushi unaosambazwa na watu wasioitakia mema kampuni. Kampuni iko imara. Kila mtu aendelee na kazi."

Sasa fikiria, watu wameiona karatasi kwa macho yao halafu sisi tunawaambia ni uzushi. Na yale maneno ya "wasioitakia mema" yakawafunga midomo, hakuna aliyekuja tena kuniuliza kitu, wakawa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe. Wiki ileile mtunza stoo wetu mzoefu akaacha kazi. Alikuja kwangu akawa anaziweka funguo mezani mojamoja, kila moja ina kipande cha plasta kimeandikwa mlango wake kwa kalamu, akaniambia "ningejua hakuna kilichoamuliwa ningesubiri nisikie". Hiyo sentensi ndo ilinirudisha kwa bosi.

Safari hii nilichukua karatasi nikaandika kila kinachosemwa mtaani, kimoja kimoja, nikakaa na bosi tukagawa: hiki kweli, hiki si kweli, hiki bado. Maana uvumi huwa hauwi uongo mtupu, una kipande cha ukweli ndani na ndo maana unaaminika, ukiukana wote kwa mkupuo unajichoma mwenyewe. Kwetu ikatoka hivi: kuunganisha maghala kunajadiliwa, kweli. Watu 60, si kweli. Ile 38 ni idadi ya waliopo ghala la pili, sio orodha ya wanaoondoka. Mwisho wa mwezi, si kweli. Kama kuna watakaopoteza nafasi, bado haijulikani.

Hapo kwenye "bado" ndo tulibishana sana. Bosi alitaka tuweke "hakuna atakayepoteza kazi", alikuwa na nia nzuri kabisa, anataka watu walale usingizi. Nikamuuliza una uhakika? Akanyamaza. Sentensi kama hiyo watu wanaitunza kwenye simu, siku ikigeuka hawatakuamini tena hata ukisema kesho ni siku ya mshahara. Halafu chunga sana "kwa sasa hatuna mpango wa kupunguza", wewe unaona umesema ukweli lakini msomaji anaona "kwa sasa" peke yake.

Kuna shimo upande wa pili pia, kuandika kana kwamba imeshaamuliwa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1982 unasema mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi au za kimuundo awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema na awape nafasi ya kushauriana. Sio kila nchi imeuridhia ila sheria za nchi nyingi zina hatua za namna hiyo, kwa hiyo mpe mwanasheria asome kwanza, na neno "tumeamua" lisionekane kama hamjaamua. Wawakilishi wa wafanyakazi nao wasikie kabla ya tangazo, wakilikuta ukutani kama wengine umeshaanza vibaya.

La pili lilikuwa hivi:

"Ndugu wafanyakazi, wengi wenu mmeona picha ya karatasi yenye namba 38 na mmesikia kuna watu 60 wataondoka mwisho wa mwezi. Karatasi ile ni ya kweli. Inaonyesha idadi ya watu waliopo ghala la pili, sio orodha ya wanaoondoka. Ni kweli tunajadili kuunganisha maghala mawili kwa sababu mizigo imepungua na yote mawili hayajai. Bado hatujaamua. Tukiunganisha, baadhi ya nafasi zinaweza kuguswa, ngapi na zipi hatujui leo. Hakuna atakayeondoka mwisho wa mwezi huu kwa sababu ya jambo hili. Kabla ya uamuzi wowote tutakaa na wawakilishi wenu. Ijumaa ya wiki ijayo saa 8 mchana nitawapa taarifa nyingine, hata kama hakutakuwa na jipya. Tangazo letu la kwanza lilikosea kuita jambo hili uzushi, naomba radhi."

Chini jina la bosi mwenyewe, sio "Menejimenti". Hiyo ya kuomba radhi aliipinga siku nzima, ila ndo watu waliyoizungumzia kuliko zote.

Kulitoa nako kuna mpangilio wake. Masupavaiza tuliwaita nusu saa kabla, wakasoma, wakauliza maswali yao, kwa sababu mtu akishasoma tangazo hamfuati bosi, anamgeukia supavaiza wake, na supavaiza akishtuka naye basi. Shifti ya usiku bosi aliwafuata mwenyewe usiku uleule, wasije wakapata skrinshoti kwa wenzao. Maswali yakaja ya stahiki, ya mikopo, ya wenye mikataba inayoisha karibuni. Wasiojua jibu tuliwaambia waseme "sijui, nakuletea jibu Ijumaa" na waliandike swali palepale, wasibuni.

Ijumaa ikafika, hakuna jipya. Bosi akasema basi tusitume kitu. Nikamwambia hii ndo taarifa muhimu kuliko ile ya kwanza, tukatuma sentensi mbili: majadiliano yanaendelea, hakuna uamuzi, taarifa inayofuata ni Ijumaa nyingine saa ileile. Kuanzia hapo maswali yakabadilika, watu wakaacha kuuliza "eti ni kweli?" wakaanza kuuliza "likiwa ghala moja shifti zitapangwaje?" Ukianza kusikia maswali ya namna hiyo jua wanakuamini. Ukisikia kimya kabisa usifurahi, kimya ndo kilikuwepo wiki yule mtunza stoo anaondoka.

Mwishowe maghala yaliunganishwa na watu 11 waliondoka. Iliuma, nisikufiche, tangazo haliondoi hilo. Ila wote 11 walilisikia kwa bosi, ana kwa ana, kabla halijafika kwenye grupu.

Ukimaliza rasimu mpe supavaiza mmoja unayemwamini aisome kwa sauti mbele yako, pale atakapokwama au kukutazama usoni ndo pa kuandika upya.