Nyuzi ndani ya uvimbe wa ovari

"Niko Kigoma. Mgonjwa ana miaka 29, kwenye ultrasound ovari ya kulia ina uvimbe wa sentimita 5 wenye nyuzinyuzi ndani. Niandike saratani?"

Hapana, usimtishe bado. Kuna aliyekujibu kwamba uvimbe usiokuwa mweusi tupu kwenye picha ni hatari; amepatia nusu. Uvimbe wa maji matupu kweli huwa mweusi, ukuta mwembamba, nyuma yake pameng'aa. Lakini damu iliyovujia ndani nayo huchafua picha: nyuzi zake ni laini kama utando wa buibui, na bonge lake hutikisika ukilisukuma kidogo kwa proubu. Washa dopla inayoonyesha mtiririko wa damu, shusha kipimo chake cha kasi hadi ishike mtiririko wa polepole. Damu iliyoganda haina mtiririko ndani yake. Kinachonitia hofu mimi ni kinundu kigumu kilichoota ukutani chenye mtiririko, hasa tumboni kukiwa na maji. Bila hicho, andika "yaelekea ni damu", arudi baada ya wiki 6 hadi 12, mara tu hedhi ikiisha.

Dada uliyeuliza kuhusu mama aliyekoma hedhi zamani mwenye uvimbe kama huu, hilo ni jingine. Kwake usisubiri, aonwe na daktari wa wanawake.